Wiki Tano za Kuchelewa: Barua ya Tesla kwa Wanahisa Wake, Novemba 2012

Barua inayochambuliwa katika makala haya ilitolewa tarehe 5 Novemba 2012 na kampuni ya magari ya umeme ya Tesla, ambayo wakati huo ilikuwa na makao yake katika mji wa Palo Alto, jimbo la California nchini Marekani, na chini yake yalikuwapo majina ya watu wawili: Elon Musk, mwenyekiti na mtendaji mkuu, na Deepak Ahuja, mkuu wa fedha. Ni barua ya robo mwaka, yaani taarifa ambayo kampuni huwapa wanahisa wake kila baada ya miezi mitatu ili waone mali yao inaendeshwaje, na katika robo hiyo ilibidi ibebe habari mbili zisizopatana kwa urahisi, kwamba kazi iliyochukua miaka mingi ilikuwa imefanikiwa, na kwamba lengo la mauzo lililotangazwa kwa mwaka huo lisingefikiwa. Kwa kuwa Musk huitwa mara nyingi mwanzilishi wa kampuni hiyo, inafaa ieleweke mapema kwamba Tesla ilisajiliwa Julai 2003 na Martin Eberhard na Marc Tarpenning, na Musk aliingia 2004 akiwa ndiye aliyetoa sehemu kubwa ya mtaji wa awali. Haki yake ya kuitwa mwanzilishi mwenza ilikubaliwa katika suluhu iliyomaliza kesi baina yake na Eberhard mwaka 2009.

Wanahisa walioandikiwa walikuwa bado wa mapema kwa kipimo chochote kile. Kampuni ilikuwa imeingia soko la hisa tarehe 29 Juni 2010 kwa bei ya dola 17 kwa hisa moja, na walionunua siku hiyo walinunua kampuni ambayo bidhaa yake pekee barabarani ilikuwa gari dogo la michezo, Roadster, lililouzwa kwa idadi ndogo sana. Kilichowavuta ni gari ambalo lilikuwa bado halijatengenezwa, Model S, gari la familia lenye milango minne, ambalo la kwanza lilikabidhiwa kwa mteja tarehe 22 Juni 2012. Kwa hiyo aliyesoma barua ya Novemba alikuwa amesubiri zaidi ya miaka miwili kuona kama gari litatoka, na sasa lilikuwa limetoka. Swali lililobaki lilikuwa kama linatoka kwa idadi ya kutosha kabla fedha hazijaisha.

Ipo kanuni moja inayoamua umbo la barua za namna hii. Kampuni ambayo hisa zake hazijaingia sokoni inaweza kuwaandikia wanahisa wake wachache faraghani, hata kwa kuwapigia simu mmoja baada ya mwingine, lakini kampuni iliyo sokoni hairuhusiwi nchini Marekani kumpa mwekezaji mmoja habari nzito kabla ya wengine, kwa sababu anayejua mapema anaweza kuuza hisa zake kwa yule asiyejua. Ndiyo maana habari ya kukosa lengo haikungoja barua ya Novemba, bali ilitangazwa kwa wote tarehe 25 Septemba 2012 katika nyaraka zilizowasilishwa kwa mamlaka ya masoko ya mitaji. Nchini Kenya pia kampuni iliyo kwenye soko la hisa la Nairobi hutakiwa kutoa onyo la hadharani inapoona faida yake itapungua kwa asilimia 25 au zaidi kulinganisha na mwaka uliotangulia, ingawa kipimo hicho ni cha faida, na kampuni changa isiyopata faida kabisa, kama Tesla ya wakati ule, hupimwa vizuri zaidi kwa mauzo.

Lengo lenyewe lilikuwa la aina mbili zilizoshikamana. Kwa idadi, kampuni ilikuwa imesema ingekabidhi magari 5,000 ya Model S kabla ya mwisho wa 2012. Kwa fedha, ilikuwa imekadiria mapato ya mwaka mzima kati ya dola milioni 560 na milioni 600. Tangazo la Septemba liliyashusha makadirio hayo hadi kati ya dola milioni 400 na milioni 440, na idadi ya magari ikashuka hadi kati ya 2,700 na takriban 3,200. Ukichukua katikati ya makadirio ya kwanza na katikati ya makadirio mapya, pengo ni dola milioni 160, zaidi ya robo ya mapato yaliyoahidiwa, na kwa kampuni iliyokuwa ikitumia fedha nyingi kuliko ilizoingiza, pengo la ukubwa huo lilihitaji maelezo yanayoweza kukaguliwa.

Kabla ya maelezo hayo kupimwa, ni lazima ieleweke mauzo huhesabiwa lini. Mteja wa Model S alianza kwa kuweka nafasi, akalipa amana ya dola 5,000, au dola 40,000 kwa toleo maalumu la mwanzo, na amana hiyo ilirudishwa akibadili nia. Katika vitabu vya hesabu fedha hizo hazikuwa mapato. Zilikuwa deni, kwa kuwa kampuni ilikuwa inadaiwa ama gari ama fedha zilezile. Hata gari likishamaliza kuunganishwa kiwandani halikuwa bado limeuzwa, na hata likiwa juu ya lori njiani kwenda jimbo jingine hesabu ilibaki vilevile, mpaka siku mteja anapokabidhiwa gari lake. Katika robo ya tatu ya 2012 kampuni ilitengeneza zaidi ya magari 350 ya Model S lakini ilikabidhi 253 tu, na tofauti hiyo ya magari karibu mia moja ni fedha iliyokwisha kutumika kwa vyuma, betri na mishahara bila kurudi hata senti katika safu ya mapato.

Lengo la mauzo hukosekana kwa njia mbili ambazo kwa nje hufanana kabisa, kwa sababu zote hutoa tarakimu ndogo mahali palipotarajiwa kubwa. Njia ya kwanza ni wanunuzi kutokuwapo. Ya pili ni wanunuzi kuwapo huku bidhaa haitoki. Kwa mwanahisa tofauti ni kubwa mno, kwa kuwa kasoro ya pili hurekebishika kwa muda na fedha, ilhali ya kwanza huenda isirekebishike kamwe, na kila mwanzilishi aliyekosa lengo ana sababu ya kutaka iaminike kwamba kasoro yake ni ya pili. Hivyo jambo la kutafuta katika barua ni ushahidi wa upande gani umekwama, na si maneno ya kutuliza.

Tesla ilitoa ushahidi wa aina hiyo. Ilitaja nafasi zilizowekwa na kubaki hai baada ya kuondoa zilizofutwa, ambazo zilipita 13,000, na ikaziweka kando ya magari 253 yaliyokabidhiwa. Ilitaja pia kasi ya kiwanda kwa wiki, na hiki ndicho kipimo bora zaidi katika barua yote, kwa sababu hakitegemei matumaini ya mtu yeyote. Kufikia mwisho wa Septemba kiwanda kilikuwa kimefikia magari 100 katika wiki moja. Kufikia tarehe ya barua kilikuwa kimepita 200 kwa wiki. Na ahadi ilikuwa 400 kwa wiki kabla ya mwaka kwisha. Foleni ya watu 13,000 mbele ya mlango unaotoa magari 400 kwa wiki huchukua zaidi ya wiki 32 kwisha, hata asipojiunga mtu mwingine, na kwa hesabu hiyo ilikuwa vigumu kusema kwamba kilichokosekana katika miezi ile ni wanunuzi.

Sababu iliyotolewa ya pengo ilikuwa fupi: uzalishaji ulikuwa nyuma ya ratiba kwa wiki nne hadi tano. Msomaji wa mara ya kwanza hupigwa na mshangao hapa, maana wiki tano ni chini ya moja ya kumi ya mwaka, lakini idadi ya magari ilishuka kwa zaidi ya theluthi moja. Je, kuchelewa kidogo hivyo kunawezaje kula mauzo mengi hivyo? Jibu liko katika umbo la ukuaji wa uzalishaji. Kiwanda kipya hakianzi kwa kasi yake ya mwisho. Wiki ya kwanza hutoka magari machache, kisha kumi, kisha hamsini, na wingi wa magari ya mwaka hurundikana katika wiki za mwisho. Ratiba nzima ikisogea mbele kwa wiki tano, kinachotoka nje ya kalenda si zile wiki tano za mwanzo zenye magari machache, bali ni wiki tano za mwisho zilizonona. Ni kama mkulima wa nyanya aliyechelewa kupanda, ambaye mavuno yake yote yapo shambani, lakini siku ya kufunga hesabu imefika kabla ya michumo mikubwa kuingia sokoni.

Hesabu yenyewe inaweza kufanywa kwa kalamu na karatasi, na inafaa kufanywa, kwa kuwa ndiyo inayopima ukweli wa maelezo. Kama kasi ya mwisho wa mwaka ilikuwa iwe magari 400 kwa wiki, wiki nne zilizopotea ni magari 1,600 na wiki tano ni 2,000. Ukitoa 1,600 kutoka 5,000 hubaki 3,400, na ukitoa 2,000 hubaki 3,000. Makadirio mapya ya kampuni yalikuwa kati ya 2,700 na takriban 3,200. Hesabu mbili hizi zinakutana kwa sehemu, lakini hazilingani: magari mia mbili au tatu hayaelezwi na kuchelewa peke yake. Mabaki hayo yaelekea yanatokana na mambo mawili yaliyokwisha kuonekana, yaani magari yaliyokuwa njiani bila kukabidhiwa, na mwinuko wa ukuaji ambao haukuchelewa kuanza tu bali ulikuwa pia mpole kuliko ulivyopangwa. Barua haikulitaja pengo hilo dogo, na mwanahisa makini alikuwa na haki ya kuliuliza; hata hivyo, sehemu kubwa ya maelezo inasimama, na hilo ni zaidi ya linalopatikana katika barua nyingi za namna hii.

Njia hiyohiyo ya hesabu ilitoa pia mtihani wa robo iliyofuata. Kampuni ilisema ingekabidhi kati ya magari 2,500 na 3,000 katika miezi mitatu ya mwisho. Robo mwaka ina wiki 13. Kasi ikipanda sawasawa kutoka 100 hadi 400, wastani wake ni 250 kwa wiki, na jumla ni magari 3,250 yanayotengenezwa. Yakiondolewa yale yatakayokuwa bado njiani siku ya mwisho wa mwaka, makadirio ya 2,500 hadi 3,000 yanakuwa ya busara. Zaidi ya hapo, mtu angeweza kukagua njiani, kwa kuwa mwanzoni mwa Novemba, wiki tano baada ya kuanza kwa robo, mwinuko huo ulidai kasi ya karibu magari 215 kwa wiki, na barua ilisema kasi imepita 200. Barua iliyoandikwa kwa namna hii humpa msomaji chombo cha kumkagua mwandishi wake, na hapo ndipo thamani yake ilipo.

Kwa nini kiwanda kilichelewa ni habari ya kawaida zaidi. Gari lilikuwa jipya lote, kuanzia bodi ya alumini mpaka betri iliyolazwa chini ya sakafu, na lilikuwa likiunganishwa na watu waliokuwa wakijifunza kazi katika kiwanda cha Fremont ambacho Tesla ilikuwa imekinunua mwaka 2010 kwa dola milioni 42 baada ya ubia wa Toyota na General Motors uliokuwa ukikitumia kuvunjika. Baadhi ya wasambazaji, yaani kampuni za nje zinazoleta vipuri, walichelewesha vipuri vyao, na gari lenye maelfu ya vipuri husimama likikosa kimoja tu. Kampuni ilisema pia kwamba haikutaka kutoa magari yenye kasoro ili kufikia idadi. Kauli hii haiwezi kukaguliwa kwa tarakimu, na mwanahisa hana budi kuipokea kwa tahadhari, kwani kila mwenye kuchelewa huweza kuisema.

Kinachoweza kukaguliwa kwa tarakimu ni gharama ya kwenda polepole. Mapato ya robo hiyo yalikuwa dola milioni 50, lakini gharama ya moja kwa moja ya kutengeneza bidhaa zilizouzwa ilizidi mapato hayo kwa karibu dola milioni 9, hali inayoitwa hasara ghafi, maana hata kabla ya kulipa utafiti, ofisi na matangazo tayari kila mauzo yalikuwa yanapoteza fedha. Hasara ya jumla ya robo ilifika karibu dola milioni 111. Tarakimu hizi zinatisha, lakini chanzo chake ni kwamba kiwanda kina gharama zisizobadilika, yaani kodi, mitambo, umeme na mishahara ambayo hulipwa yakitoka magari 20 au 400, na zikigawanywa kwa magari machache kila gari hubeba mzigo mkubwa. Ndiyo sababu barua iliahidi kwamba faida ghafi ingefika asilimia 25 kabla ya mwisho wa 2013, na ahadi hiyo ilitegemea idadi kuliko ilivyotegemea bei.

Linabaki suala la fedha taslimu, na hapa ndipo habari njema na mbaya za kampuni zilipogusana kwa namna iliyotia watu wengi shaka. Mwisho wa Septemba 2012 Tesla ilikuwa na fedha taslimu za dola milioni 86 hivi, kiasi ambacho ni pungufu ya hasara ya robo moja. Ilikuwa pia na mkopo wa dola milioni 465 kutoka Wizara ya Nishati ya Marekani, wenye masharti kuhusu uwiano wa mali na madeni ambayo kampuni ililazimika kuomba yalegezwe. Siku ileile ya kutangaza kukosa lengo, ilitangaza pia uuzaji wa hisa mpya, na hatimaye ikauza karibu hisa milioni 8 kwa dola 28.25 kila moja. Kwa mwanahisa wa zamani, hisa mpya maana yake ni kwamba sehemu yake inapungua: hisa zilizokuwapo zilikuwa zipatazo milioni 106, hivyo aliyemiliki asilimia 1 ya kampuni alibaki na asilimia 0.93. Hasara hiyo ni ndogo ikilinganishwa na hatari ya kampuni kuishiwa fedha, na aliyenunua kwa dola 17 aliona wengine wakiingia kwa bei kubwa kuliko yake.

Katika taarifa ndefu ya mwanzoni mwa Oktoba, Musk alijitahidi kueleza kwamba fedha hizo hazikuwa za kuokoa kampuni bali za kujikinga, kwamba karibuni fedha zinazoingia zingezidi zinazotoka, na kwamba mtaji wa ziada ungesaidia iwapo usambazaji wa vipuri ungekatika kwa sababu isiyotarajiwa. Mpangilio wa matukio unampa msomaji sababu ya kusoma maelezo hayo polepole. Kampuni yenye fedha zisizotosha robo moja, inayoomba masharti ya mkopo yalegezwe, haichagui kwa hiari kamili siku ya kuuza hisa, na ingekuwa heri kama taarifa ingesema waziwazi ni wiki ngapi kampuni ingeweza kuendelea bila fedha mpya, kwa kuwa hiyo ndiyo tarakimu ambayo mwanahisa wa kampuni changa huihitaji kuliko nyingine zote. Msomaji aliweza kuikisia kwa kugawanya fedha zilizopo kwa hasara ya robo, lakini kukisia si sawa na kuambiwa na anayejua.

Matokeo yalikuja katika barua ya tarehe 20 Februari 2013. Kasi ya magari 400 kwa wiki ilifikiwa Desemba kama ilivyoahidiwa. Magari yaliyokabidhiwa katika robo ya mwisho yalikuwa karibu 2,400, yaani chini kidogo ya kiwango cha chini cha makadirio yaliyokwisha kupunguzwa, na jumla ya mwaka ikawa karibu 2,650. Lakini mapato ya robo hiyo yalikuwa dola milioni 306 na ya mwaka mzima milioni 413, ndani kabisa ya makadirio mapya. Idadi ilikosekana kidogo na fedha zikapatikana, na sehemu ya maelezo ya jambo hilo ni kwamba kampuni ilianza kwa kutengeneza magari ya bei ya juu, ya toleo maalumu na yenye betri kubwa ya kilowati-saa 85, na kuyaacha ya bei nafuu yangoje. Uamuzi huo ulikuwa wa akili kwa kampuni yenye njaa ya fedha, ingawa unamtaka msomaji asipime mauzo kwa dola peke yake. Kila gari la bei ya juu lililotangulia liliacha nyuma foleni ya wateja wanaotaka la bei ya chini, na wastani wa bei ungeshuka zamu yao ikifika. Mnamo Aprili 2013 kampuni iliacha kabisa mpango wa kutengeneza toleo lenye betri ndogo ya kilowati-saa 40, ikisema ni asilimia 4 tu ya wateja waliolichagua.

Sehemu ya barua ya Novemba iliyokuja kuonekana dhaifu zaidi ni ileile iliyoonekana imara, yaani zile nafasi 13,000 zilizowekwa. Nafasi yenye amana inayorudishwa ni nia, na nia iliyowekwa miaka miwili kabla ya gari kuwapo haina uzito sawa na uamuzi wa kulipa dola 70,000 au 90,000 wiki ijayo. Kitabu cha Ashlee Vance kuhusu Musk, kilichotoka 2015, kinaeleza kwamba mwanzoni mwa 2013 wateja wengi waliofikiwa na zamu zao hawakukamilisha ununuzi, kwamba Musk aliwaondoa watu wa idara nyingine kazini mwao na kuwaamuru wapige simu kwa waliokuwa kwenye orodha, na kwamba alizungumza na Larry Page wa Google kuhusu uwezekano wa Google kuinunua Tesla. Kwa maneno mengine, wakati mlango ulipopanuka ndipo ilipodhihirika kwamba baadhi ya watu kwenye foleni hawakuwa tayari kuingia, na tatizo lililoelezwa Novemba kuwa la uzalishaji lilikuwa limebadilika ndani ya miezi michache kuwa la mauzo.

Hii haina maana kwamba barua ilidanganya. Mnamo Novemba kikwazo kilichozuia mauzo kilikuwa kiwanda, na tarakimu zote zinakubaliana na hilo. Kilichokosekana ni kipimo cha pili kando ya idadi ya nafasi: kati ya wateja mia walioitwa kuthibitisha oda zao, ni wangapi walithibitisha, wangapi waliomba kungoja, na wangapi walirudishiwa amana. Kampuni ilikuwa na tarakimu hizo, kwa kuwa ilikuwa ikiwaita wateja kila wiki, na mwisho wa Novemba iliongeza shinikizo kwa kutangaza kwamba bei ingepanda kwa dola 2,500 mwakani na kuwapa waliokuwa kwenye orodha muda wenye kikomo wa kukamilisha oda ili wabaki na bei ya zamani. Idadi ya nafasi baada ya kuondoa zilizofutwa inaficha jambo hilo, kwa sababu wapya wanaoingia hufunika wanaotoka, na mtu anayengoja bila kuamua huhesabiwa sawa na aliye tayari kulipa.

Robo ya kwanza ya 2013 ilikwisha kwa magari 4,900 yaliyokabidhiwa, ingawa barua ya Februari ilikuwa imeahidi 4,500. Mapato yalifika dola milioni 562, karibu sawa na yale yaliyokuwa yameahidiwa kwa mwaka mzima wa 2012, na kampuni ikapata faida yake ya kwanza ya robo mwaka, dola milioni 11. Tarehe 22 Mei mkopo wa Wizara ya Nishati ulilipwa wote, miaka tisa kabla ya wakati wake, kwa fedha zilizotokana kwa sehemu kubwa na uuzaji mwingine wa hisa na hati za mkopo mwezi huohuo. Faida ghafi ya robo hiyo ilikuwa asilimia 17, safari ya kutoka hasara ghafi iliyokuwa imechukua miezi sita, na katika hesabu hiyo mauzo ya vibali vya hewa safi, ambavyo watengenezaji wengine wa magari walivinunua ili kutimiza sheria za California, yalichangia sana hivi kwamba mwanahisa aliyetaka kujua kama gari lenyewe linalipa alihitaji kuyatoa kwanza kabla ya kusoma asilimia yoyote.